Picha ya barua si barua

Kila muhula kuna mwanafunzi anayetoka ofisi fulani ya chuo akiwa na simu mkononi na machozi karibu. Ndani ya simu kuna skrinishoti. Kamwonyesha mwalimu, kamwonyesha karani, kamwonyesha hata mlinzi wa mlangoni, na bado ameambiwa "hatuna rekodi yako". Mwaka jana mwanafunzi huyo nilikuwa mimi. Naandika haya kwa sababu naamini nusu ya ugomvi wetu na ofisi hatushindwi kwa kukosa haki. Tunashindwa kwa kwenda na picha ya barua mahali panapotaka barua yenyewe.

Nieleze kilichotokea, kisha tubishane.

Mwezi wa Julai hadi Septemba 2024 nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja wilayani Kibondo. Ripoti ya mazoezi ilitakiwa ifike kwa imeili kabla ya saa 5:59 usiku, Ijumaa tarehe 13 Septemba. Mtandao kule unaujua: mchana unashika ukisimama karibu na tangi la maji, usiku unashika ukiwa na bahati. Nilituma saa 5:52 usiku, kurasa 34 katika faili la Word, kutoka akaunti yangu ya chuo kwenda anwani ya ofisi. Nakala niliipeleka kwa mwenzangu wa chumba, ambaye alikuwa amebaki Dar es Salaam, ili aniprintie moja ya kubaki nayo. Asubuhi ya Jumamosi saa 2:10 msaidizi wa ofisi akanijibu: ripoti nimeipokea ila faili halifunguki, tuma PDF. Saa 3:05 nikatuma PDF. Nikapanda basi nikarudi nyumbani nikijua mambo yameisha.

Matokeo yalipotoka, mbele ya somo la mazoezi ya kufundisha kulikuwa na herufi I. Haujakamilisha. Nikaenda kwa mratibu.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba. Binti, ripoti yako imeingia Jumamosi. Mwisho ulikuwa Ijumaa."

Nikasema nilituma Ijumaa. Akafungua kompyuta, akaonyesha PDF ya Jumamosi. Ya Ijumaa haikuwepo. Inaelekea ilifutwa kwa kuwa faili "halikufunguka". Nikatoa skrinishoti. Akaitazama, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Hii inaonyesha Sep 13. Saa ngapi? Na ilikwenda wapi?" Kweli, orodha ya barua kwenye simu inaonyesha siku tu, na badala ya anwani inaonyesha jina. Jina hilo mtu yeyote anaweza kuliandika anavyotaka.

Nikasema basi naifowadi sasa hivi. Dokta akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akachukua simu yake, akafungua barua moja ya kawaida, akabonyeza kitufe cha kufowadi, akaenda kwenye maandishi ya chini yanayosema nani aliandika na lini, akafuta neno la siku akaandika siku nyingine. Sekunde kumi hazikufika. "Umeona?" akasema. "Sisemi umefanya hivi. Nasema karatasi hii haiwezi kuniambia kwamba hukufanya."

Kisha akasema jambo lililonichoma zaidi, na wengi wetu tunajua halijatoka hewani. Wapo wanaotuma faili bovu makusudi dakika ya mwisho, ili waambiwe watume tena, na hapo wanakuwa wamejipatia usiku mmoja wa kumalizia kazi. Kwa hiyo hata kama barua ya Ijumaa ilikuwepo, alitaka kujua ndani yake kulikuwa na nini. Nikikosa kujibu hilo, narudia mazoezi mwaka unaofuata, kwa nauli na chakula cha mfukoni mwangu, na wenzangu wanahitimu bila mimi.

Nilitoka pale nimekasirika. Lakini nilipotulia nikakubali kwamba Dokta hakunionea. Maswali yake matatu yalikuwa ya haki: ilitoka kwa nani, ilifika lini, na ilikuwa na nini ndani. Skrinishoti haijibu hata moja. Kufowadi hakujibu hata moja. Barua yenyewe inajibu yote matatu, ila sisi hatujui kuifungua.

Tunasoma imeili kama mtu anayesoma barua ya karatasi baada ya bahasha kutupwa. Bahasha ndiyo ina muhuri wa posta. Kwenye imeili bahasha haitupwi, imefichwa tu. Kila barua inabeba juu yake mistari inayoitwa vichwa, ambayo programu ya imeili haituonyeshi kwa sababu inachosha macho. Ukifungua Gmail kwenye kivinjari cha kompyuta, ukaingia ndani ya barua, ukabonyeza nukta tatu zilizo kulia karibu na kitufe cha kujibu, utaona `Show original`. Ukurasa unaofunguka ndio barua kama ilivyosafiri. Juu yake kuna `Download Original`, na ukiibonyeza unapata faili linaloishia na `.eml`. Faili hilo moja lina vichwa vyote, maneno yote na viambatisho vyote pamoja. Kwenye programu ya Gmail ya simu hutaiona `Show original`, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu tunamaliza miaka mitatu bila kujua kwamba ipo. Nenda maabara ya kompyuta, azima laptopu, fanya uwezavyo, ila ukimaliza usisahau kutoka kwenye akaunti.

Aliyenionyesha haya ni kaka mmoja wa kitengo cha TEHAMA, niliyempata akitengeneza printa. Kazi yote ilichukua kama saa moja, na nitaipitia polepole kwa sababu ndipo fundisho lilipo.

Kwanza tulifungua barua yangu ya Ijumaa kwenye folda ya zilizotumwa. Nilidhani hiyo ndiyo silaha. Kaka akatikisa kichwa. Nakala ya kwenye zilizotumwa ni nakala yako mwenyewe, iliyobaki kwako. Haikusafiri, kwa hiyo haina mihuri ya njiani. Ina saa ya kutuma na ina namba ya barua, lakini haina mstari hata mmoja wa seva nyingine inayosema "nimeipokea". Ni kama kuonyesha nakala ya barua uliyoiandika na kusema hii ni risiti ya posta.

Hapo ndipo nilipokumbuka nakala ya mwenzangu. Nikampigia. Akaniambia wiki ileile alikuwa anafuta barua za zamani kwa sababu akaunti yake imejaa, zile GB 15 za bure zimeisha. Nikaomba aangalie kwenye taka. Gmail hufuta vilivyo kwenye taka baada ya siku 30, na vikishafutwa hakuna wa kumlilia. Kwa bahati ya Mungu barua yangu alikuwa hajaigusa. Tukaifungua kwenye kompyuta ya kaka, tukapata mistari kama hii (nimeipunguza):

```
Received: by mx.google.com ...
  Fri, 13 Sep 2024 13:52:07 -0700 (PDT)
Date: Fri, 13 Sep 2024 23:52:01 +0300
Message-ID: <CAF7x...@mail.gmail.com>
```

Mstari wa `Date` unaandikwa upande wa mtumaji. Ukirudisha nyuma saa ya laptopu yako na kutuma kwa programu iliyo humo, unaweza kuandika uongo pale. Mstari wa `Received` huandikwa na seva inayopokea, na mtumaji hana mkono ndani ya seva hiyo. Mistari ya `Received` huwa kadhaa, moja kwa kila kituo barua ilipopita, na husomwa kutoka chini kwenda juu: wa chini ni kituo cha kwanza, wa juu ni cha mwisho. Ukitaka kujua barua ilifika lini, soma wa juu.

Sasa angalia saa. 13:52, ambayo kwa kuisoma harakaharaka ni mchana. Lakini pembeni kuna `-0700`, yaani saa hiyo imeandikwa nyuma ya saa ya dunia kwa saa 7. Sisi tuko mbele kwa saa 3, ndiyo maana `Date` ina `+0300`. Tofauti ni saa 10. 13:52 ukiongeza 10 unapata 23:52, kwa saa yetu ya Kiswahili ni saa 5:52 usiku. Ilipitiliza sekunde 6 tu baada ya kutumwa. Ilifika Ijumaa.

Mtego wa pili ulikuwa kwenye jibu la msaidizi wa ofisi. Tulipolifungua, mstari wa `Received` wa juu ulisema Ijumaa tarehe 13, 22:10. Moyo ukaruka. Nikataka kupiga kelele kwamba ofisi ilinijibu Ijumaa usiku. Kaka akanitazama tu. Ongeza saa 10: 22:10 inakuwa 08:10, na siku inageuka kuwa Jumamosi. Ningekwenda kwa Dokta na madai yale, angenirekebisha kwa hesabu ya darasa la tano, na baada ya hapo nani angeamini sehemu iliyobaki? Kila unaponukuu saa ya imeili, andika na hiyo alama ya kujumlisha au kutoa iliyo pembeni, kisha andika saa yetu.

Hata hivyo barua ya mwenzangu ilionyesha ilifika kwa mwenzangu. Je, kwa ofisi? Hapa jibu la msaidizi likatusaidia kwa namna ambayo sikuijua. Kila imeili ina namba yake, `Message-ID`, na namba hiyo ni ileile kwenye nakala ya kila aliyepelekewa. Mtu anapojibu, programu yake huweka kwenye kichwa cha jibu mstari wa `In-Reply-To` wenye namba ya barua anayoijibu. Tukaweka vitatu pamoja mezani: namba ya nakala yangu ya zilizotumwa, namba ya barua iliyofika kwa mwenzangu saa 5:52 usiku, na namba iliyo ndani ya jibu la ofisi. Zote tatu zilikuwa moja, herufi kwa herufi. Kwa hiyo ofisi ilijibu barua ileile ya Ijumaa, na mtu hawezi kujibu barua ambayo hakuipata.

Kaka akaongeza kitu kimoja. Kwenye jibu lile kulikuwa na mstari wa `Authentication-Results` wenye maneno `dkim=pass`. Nilivyomwelewa ni hivi: seva ya chuo inapotuma barua huitia sahihi ya kihesabu, na seva inayopokea huikagua sahihi hiyo. Barua ikibadilishwa neno moja njiani, sahihi inakataa. `pass` maana yake wakati inafika, barua ilikuwa kweli imetoka kwenye mfumo wa chuo na haikuguswa. Ukifowadi kwa kawaida unatengeneza barua mpya yenye sahihi yako wewe, na ile ya ofisi inapotea. Ndiyo maana kufowadi hakukumshawishi Dokta, ingawa nadhani yeye aliliona kwa akili ya kawaida tu.

Likabaki swali la tatu, la faili bovu. Kwenye laptopu yangu faili la Word lilikuwepo, lakini Jumamosi asubuhi nililifungua na kulihifadhi upya wakati nageuza kuwa PDF. Kwa hiyo tarehe yake ilisema Jumamosi, na kwa kujitetea lilikuwa halina maana. Kwa kweli lilinishtaki. Lakini kiambatisho kilichokuwa ndani ya barua ya mwenzangu hakikuguswa na mtu tangu Ijumaa. Kaka alifungua faili la `.eml` kwa programu ya bure inayoitwa Thunderbird, akabonyeza kiambatisho, kikafunguka. Kurasa 34, zilezile za kwenye PDF. Inawezekana msaidizi wa ofisi alijaribu kukifungua kwenye simu isiyo na Word. Sijui, na sikuwa na haja ya kujua.

Nilirudi kwa Dokta na flashi yenye mafaili matatu ya `.eml` na karatasi moja: mstari kwa mstari, barua ipi, kutoka kwa nani, saa ya kichwani, saa yetu, namba ya barua. Hakuangalia mafaili muda mrefu. Aliichukua ile namba, akampa mtu wa seva aitafute kwenye kumbukumbu za chuo. Ikaonekana: imeingia kwenye sanduku la ofisi, Ijumaa, saa 5:52 usiku. Baada ya wiki mbili I ikawa B. Barua ya kuomba radhi sikupata, wala sikuidai.

Sasa hoja yangu. Mimi nilipona kwa bahati, si kwa akili. Kama nisingempelekea mwenzangu nakala kwa sababu ya kuprinti, kama yeye angeanza kufuta barua kwa mwezi wa Septemba, leo nisingekuwa mwaka wa tatu. Na bahati si utaratibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi mali yetu hapa chuoni ni alama, bumu, usajili na ahadi tunazopewa kwa maandishi. Vyote siku hizi vinapita kwenye imeili.

Kuna rafiki aliyeniambia haya ni mambo ya mahakamani, ukianza kutunza vichwa vya barua unaonekana una nia mbaya na walimu. Sikubaliani naye. Kwanza, hata mahakamani hawaulizi mambo ya ajabu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inasema katika kupima uzito wa ushahidi wa kielektroniki huangaliwa kama njia ya kuutengeneza, kuuhifadhi au kuutuma inaaminika, kama umetunzwa bila kubadilika, na jinsi aliyeutoa alivyotambulika. Ukiyasoma vizuri ndiyo maswali ya Dokta wangu, ambaye hakutaja sheria hata mara moja. Ni maswali ya mtu yeyote mwenye busara anayeombwa abadilishe rekodi. Pili, kutunza barua si kumshuku mtu. Msaidizi aliyefuta barua yangu hakuwa adui. Alikuwa na mamia ya ripoti na sanduku lililojaa. Barua iliyotunzwa ilimwokoa na yeye pia asionekane mwongo.

Basi tufanye nini? Sitaki kuwapa orodha ya mambo ishirini. Mimi nafanya mambo manne tu, na yanachukua dakika tano kwa barua.

La kwanza nafanya kabla ya kutuma. Kitu chochote chenye tarehe ya mwisho, naweka nakala kwenda kwenye akaunti yangu nyingine, ya binafsi, isiyo ya chuo. Nakala hiyo inasafiri kama barua nyingine yoyote, kwa hiyo inapata mihuri ya `Received` ambayo nakala ya zilizotumwa haina. Tena akaunti ya chuo ni ya chuo. Siku wakiifunga baada ya kuhitimu, barua zako zinabaki ndani. Hapohapo naangalia kiambatisho. Faili likizidi MB 25, Gmail halitumi faili, linaweka kiungo cha kwenda Google Drive. Kiungo si kiambatisho. Ukikifuta au ukikibadilisha kilichoko Drive, barua inabaki na mlango usio na chumba, na `.eml` yako haitakuwa na kitu ndani. Punguza faili, au ligawe, lakini liambatishe lenyewe.

La pili, siku ileile nikipokea jibu lenye uzito, kwa mfano la kukubaliwa kuahirisha mtihani au kuthibitishiwa malipo, napakua `.eml` yake kabla halijazama. Sisubiri ugomvi. Kwa walio na Outlook ile ya kusakinisha kwenye kompyuta, faili linaweza kuishia na `.msg`. Nalo ni sawa, muhimu ni kuhifadhi barua, si kuigeuza kuwa PDF. PDF inasomeka vizuri na unaweza kuiweka pembeni kwa ajili ya kuprinti, lakini haina vichwa na viambatisho kwa kawaida havimo. Kiambatisho nikitaka kukisoma, nakitoa nakala, nafungua nakala. Kile cha ndani ya barua sikigusi.

La tatu ni jina na daftari. Faili nalipa jina linaloanza na mwaka, mwezi, siku na saa, hivi: `2024-09-13_2352_ripoti_nimetuma.eml`. Ukiandika kwa mpangilio huo, mafaili yenyewe yanajipanga kwa tarehe. Kisha kwenye daftari la kawaida la mkono naandika barua, saa, namba yake, na mahali nilipoiweka. Naweka sehemu mbili, flashi na mtandaoni. Flashi peke yake tunazijua, zinafulia na suruali.

La nne ni kwa mambo makubwa tu. Faili la `.eml` ni maandishi. Mtu mjanja anaweza kulifungua kwa Notepad akabadilisha herufi, na mimi ninayelitunza ndiye wa kwanza kushukiwa. Kuna amri fupi ya Windows inayokupa alama ya faili, herufi na tarakimu 64:

```
certutil -hashfile ripoti.eml SHA256
```

Faili likibadilika hata nukta moja, alama inakuwa nyingine kabisa. Alama hiyo ukimtumia mtu mwingine siku ileile, tuseme mwakilishi wa darasa, baadaye unaweza kuonyesha kwamba faili ulilonalo leo ndilo ulilokuwa nalo siku ile. Haionyeshi kilichotokea kabla ya siku hiyo, kwa hiyo ukiifanya baada ya ugomvi kuanza imechelewa nusu. Na ukitakiwa kupeleka barua kwa ofisi kwa imeili, usiifowadi kwa kawaida. Kwenye nukta tatu za Gmail ya kompyuta kuna `Forward as attachment`. Hiyo inaifunga barua nzima na vichwa vyake ndani ya barua mpya, kama bahasha ndani ya bahasha.

Niseme na mipaka, maana nisije nikawadanganya. Vichwa vinasema barua ilitoka akaunti gani na ilifika seva gani saa ngapi. Havisemi kama mwenye sanduku aliisoma. Havisemi nani alikuwa amekaa kwenye kompyuta. Ukimwachia mwenzako akaunti wazi, barua atakayotuma itakuwa na sahihi safi kabisa na itakuwa si yako. Na havifanyi uongo uliomo ndani ya barua kuwa kweli. Pia barua unayotunza iwe yako. Kuingia kwenye akaunti ya mtu kutafuta ushahidi ni kosa jingine linalojitegemea. Mimi nilimpigia mwenzangu, naye ndiye aliyefungua.

Lakini nisiache mzigo wote kichwani kwa mwanafunzi. Serikali ya wanafunzi inayotuchapishia jarida hili ina kiti kwenye vikao, na nina mambo mawili ya kuiomba iyapeleke. Anwani zote zinazopokea kazi ziwekewe jibu la papo kwa hapo: "tumepokea, tarehe fulani, saa fulani". Kuiweka hakuhitaji bajeti, na mwanafunzi akiipata ana barua yenye sahihi ya chuo mkononi tangu dakika ya kwanza. La pili, fomu ya rufaa ya matokeo, ambayo leo inasema "ambatisha vielelezo vilivyochapishwa", ikubali pia barua kama faili. Kumlazimisha mtu aprinti imeili ni kumwambia atoe bahasha, atupe muhuri, alete karatasi, halafu tumuulize muhuri uko wapi.

Wiki iliyopita mdogo wangu wa mwaka wa kwanza alinijia na simu. Ofisi moja ilimwahidi kwa imeili kwamba atalipia kwa awamu mbili, sasa mtu mwingine anamwambia hajawahi kusikia. "Dada, nimepiga skrinishoti," akasema kwa fahari. Nikamwambia vizuri. Sasa twende maabara tukaichukue barua.